Ripoti ya Kidole Tumbo Hailali Nyumbani

Karatasi yenyewe ina mistari michache. Kidole tumbo kimeonekana upande wa kulia, sehemu ya chini ya tumbo. Kipenyo chake ni milimita 11, na hakibonyei kinapokandamizwa. Ukuta wake umenenepa. Mafuta ya jirani yamevimba, na kuna majimaji kidogo yaliyokizunguka. Hitimisho: dalili za uvimbe mkali wa kidole tumbo, mgonjwa amwone daktari wa upasuaji.

Karatasi ya namna hii mara nyingi hutolewa na kituo cha altrasaundi kisicho na wodi wala chumba cha upasuaji. Mgonjwa amelipa, amepimwa, amekabidhiwa bahasha, na sasa yuko nje amejishika tumbo. Hakuna aliyemwambia kama aende hospitali sasa hivi au Jumatatu. Ukimya huo ndio unaonisukuma kuandika, kwa sababu ndani yake ugonjwa unaomalizwa kwa upasuaji wa saa moja hugeuka kuwa wa kulazwa wiki mbili, na kwa wengine kuwa kifo. Ripoti inasema kidole tumbo kilikuwaje kilipopigwa picha. Haisemi kilianza kuuma lini, wala kitakuwaje kesho asubuhi. Maneno hayo mawili yasiyoandikwa ndiyo yanayotakiwa kuamua mgonjwa aelekee wapi akitoka mlangoni.

Kidole tumbo ni mrija mwembamba uliozibwa upande mmoja, unaoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Ndani yake hutengenezwa ute unaotiririkia utumboni. Njia ya kawaida ya ugonjwa ni kwamba mlango wake unaziba, ama kwa kijiwe cha kinyesi kilichokauka, ama kwa tezi za ukutani mwake zilizovimba. Ute unaendelea kutengenezwa na hauna pa kutokea. Shinikizo linapanda. Mishipa inayorudisha damu ndiyo inayobanwa kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini. Damu inaingia, haitoki, na ukuta unaanza kuvimba huku bakteria waliomo wakizaliana. Shinikizo likizidi, hata damu inayoingia inakwama. Mshipa unaolisha kidole tumbo hauna mwingine wa kuusaidia, kwa hiyo sehemu ya ukuta inakosa damu na kufa. Ukuta uliokufa hutoboka, na kinyesi, usaha na bakteria vinamwagika ndani ya tumbo.

Ukiisoma ripoti ukiwa na picha hiyo kichwani, kila mstari unakuonyesha ugonjwa umefika wapi. Mtaalamu wa altrasaundi hukandamiza tumbo polepole kwa kifaa chake ili kusogeza gesi na utumbo uliotangulia mbele. Mbinu hiyo ilielezwa na daktari Mholanzi Julien Puylaert mwaka 1986, na mpaka leo ndiyo inayotumika. Kidole tumbo chenye afya, kikikandamizwa, hulala bapa. Kilichojaa usaha na ute hakilali. Ndiyo maana neno "hakibonyei" lina uzito kuliko namba nyingi za ripoti. Kipenyo cha zaidi ya milimita 6 huhesabiwa kuwa kimepita kawaida, ingawa kati ya 6 na 8 kuna eneo la mashaka, kwani wapo watu wazima wasio wagonjwa wenye kidole tumbo kinene kiasi hicho. Milimita 11 pamoja na kutobonyea haviko kwenye mashaka hayo.

Kunenepa kwa ukuta ni ile hatua ya damu iliyoingia isitoke. Mafuta ya jirani kuvimba kunaonyesha kuwa uvimbe umeshavuka ukuta na kugusa vilivyo nje. Mwili kwa kawaida hujaribu kuuzingira ugonjwa kwa mafuta hayo na kwa matumbo ya karibu, na mara nyingine hufaulu. Matokeo yake huwa ni jipu lililofungiwa mahali pamoja, jambo ambalo ni baya lakini ni afadhali kuliko usaha uliosambaa tumbo zima.

Yamebaki majimaji, na hapa ndipo wasomaji wengi wa ripoti wanapokosea, wagonjwa na hata baadhi ya matabibu. Majimaji kidogo, meusi na safi kwenye skrini, hayana maana kwamba kidole tumbo kimetoboka. Utando wa tumbo uliochokozwa hutoa majimaji ya namna hiyo hata kabla ya tundu lolote. Lakini majimaji yenye chenga zinazoelea, au yaliyokusanyika kwenye mfuko wenye kingo, au yaliyo karibu na mahali ambapo mstari wa ukuta wa kidole tumbo umekatika, hayo yanaelekeza kwenye kutoboka na jipu. Ripoti nzuri hutaja ni majimaji ya aina gani. Ripoti inayoandika "kuna majimaji" tu inamwachia daktari wa upasuaji kazi ya kukisia, na ni haki yake kumpigia simu aliyepima na kumuuliza.

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, majimaji hayo yana maelezo mengine pia. Yai likitoka kwenye ovari huacha majimaji kidogo. Uvimbe wa ovari ukipasuka, maambukizi ya mirija ya uzazi yakipanda, au mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka, vyote vinaweza kuleta maumivu ya kulia na majimaji. Hilo la mwisho linaua kwa saa chache, kwa damu. Kwa hiyo kipimo cha mimba hakiachwi, hata kama picha ya kidole tumbo inaonekana wazi, na hata kama binti anasema haiwezekani.

Naomba niongeze jambo moja kuhusu ripoti isiyoona kitu. Altrasaundi hutegemea sana mkono wa anayepima, gesi iliyomo tumboni, unene wa mgonjwa na mahali kidole tumbo kilipojificha. Kwa watu wengi kimelala nyuma ya utumbo. Ripoti inayosema "kidole tumbo hakikuonekana" haijasema kuwa ni kizima. Mbaya zaidi, kidole tumbo kikishatoboka hujitoa shinikizo, hunywea, na huwa kigumu zaidi kukiona. Dalili zikiwa na nguvu na picha ikiwa kimya, mgonjwa hulazwa na kuchunguzwa tena baada ya saa chache, au hupelekwa kwenye siti skani inapopatikana.

Sasa tuchukue mfano wa kijana wa miaka 19. Maumivu yalimwanza Alhamisi saa nne usiku, kuzunguka kitovu, yasiyo na mahali maalumu. Hivyo ndivyo yanavyoanza kwa wengi, kwa kuwa neva za kidole tumbo na za eneo la kitovu huingilia uti wa mgongo mahali pamoja. Ijumaa asubuhi chai haikupita, akatapika mara moja. Dukani akauziwa dawa ya tumbo na ya maumivu. Ijumaa jioni maumivu yalihamia kulia chini na yakawa na ncha: akikohoa yanachoma, bajaji ikiruka kwenye tuta anafumba macho. Kuhama huko kunatokea uvimbe unapougusa utando wa ndani wa tumbo, ambao neva zake hujua hasa mahali panapouma. Jumamosi saa nne asubuhi alipimwa altrasaundi, na ripoti ikawa ile niliyoanza nayo.

Toka Alhamisi saa nne usiku hadi Jumamosi saa nne asubuhi ni saa 36. Akirudi nyumbani kungoja kliniki ya Jumatatu saa mbili asubuhi, atakuwa amefikisha saa 82.

Namba 36 ina historia yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliangalia muda kati ya kuanza kwa dalili na matibabu. Kwa wagonjwa waliotibiwa kabla ya saa 36, uwezekano wa kidole tumbo kupasuka haukuzidi asilimia 2. Baada ya hapo ulipanda na kubaki kama asilimia 5 kwa kila saa 12 zilizofuata. Kijana wetu akingoja hadi Jumatatu anaongeza karibu vipindi vinne vya saa 12. Ukikokotoa, katika vijana sita wa namna yake takriban mmoja atapasukiwa ndani ya mwisho huo wa wiki. Na hesabu hiyo naiona ni ya upole kwake, kwa sababu yeye ameshaonyesha majimaji na mafuta yaliyovimba. Hajasimama mwanzoni mwa safari pamoja na wengine.

Jumapili ndiyo siku ya kutisha. Inawezekana alfajiri akaamka akasema amepata nafuu. Kidole tumbo kinapotoboka, shinikizo lililokuwa likimtesa hutoka ghafla, na maumivu makali hupungua kwa muda. Familia hushukuru. Baada ya saa chache tumbo lote linauma, linakuwa gumu kama ubao, homa inapanda, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na mgonjwa hataki hata shuka limguse. Nafuu inayokuja ghafla kwa mtu mwenye ripoti ya aina hii, ambaye hajapata matibabu yoyote ya hospitali, ihesabiwe kuwa dalili mbaya mpaka daktari aseme vinginevyo. Kama kuna sentensi moja ningependa ikatwe kwenye gazeti na kubandikwa katika vituo vya altrasaundi, ni hiyo.

Jumamosi angeweza kufanyiwa upasuaji kwa mkato mdogo upande wa kulia, akatolewa kidole tumbo, akatembea kesho yake na kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Jumatatu, akiwa na usaha tumbo zima, mkato ni wa katikati ya tumbo, mrefu. Matumbo huoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi, mara nyingi mpira huachwa ndani wa kutolea uchafu, na antibayotiki za mshipani huendelea kwa siku nyingi. Kidonda huweza kutunga usaha. Matumbo huweza kugandana na kuziba miezi au miaka baadaye, na mtu akarudi kwenye meza ileile. Gharama ya pili familia huiuzia shamba.

Najua kuna hoja nzito upande wa pili, na inatoka kwa madaktari wenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa Finland na Norway walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 1,800 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo ambao haujaleta madhara mengine. Nusu walipangiwa kupasuliwa ndani ya saa 8, nusu ndani ya saa 24. Waliokutwa wametoboka walikuwa asilimia 8 katika kundi la kwanza na 9 katika la pili. Tofauti isiyo na maana. Basi kungoja hakudhuru?

Kungoja wodini, kwa wagonjwa waliochaguliwa, kwa muda usiozidi siku moja, hakukudhuru. Wagonjwa wale walikuwa wameshafika hospitali. Walikuwa wameonwa na daktari wa upasuaji, na hali yao ingebadilika kulikuwa na mtu wa kuiona na chumba cha upasuaji cha kukimbilia. Hakuna aliyerudishwa nyumbani na bahasha. Utafiti huo unampa daktari wa zamu ruhusa ya kumpasua asubuhi mgonjwa aliyefika usiku wa manane, timu ikiwa imepumzika, na mimi sina ugomvi na hilo. Haumpi mtu yeyote ruhusa ya kuongeza siku mbili za nyumbani juu ya saa 36 zilizokwisha kupita.

Vivyo hivyo kwa wanaosema siku hizi kidole tumbo kinatibiwa kwa dawa tu. Ni kweli, kwa baadhi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, watu wapatao 3 katika kila 10 waliopewa antibayotiki waliishia kupasuliwa ndani ya siku 90, na kwa wenye kijiwe ndani ya kidole tumbo walikuwa 4 katika kila 10. Mtu anaweza kuzisoma namba hizo akasema afadhali ajaribu dawa, na kwa mgonjwa anayefaa, anayefuatiliwa, huo ni uamuzi wa heshima. Lakini dawa hizo huchaguliwa na kusimamiwa na daktari, aghalabu huanzia kwenye mshipa, na mgonjwa hujua arudi lini na kwa dalili gani. Vidonge vichache vya kununua dukani vinapunguza homa na kulegeza maumivu huku kidole tumbo kikiendelea kuoza, na daktari wa kesho anakuta tumbo lisilosema ukweli wake wote.

Hadithi ya kungoja ni ya zamani kuliko altrasaundi. Mwaka 1886 daktari Reginald Fitz wa Boston alieleza kwa ushahidi wa maiti kwamba usaha mwingi wa tumbo upande wa kulia chanzo chake ni kidole tumbo, akataka upasuaji wa mapema. Wakubwa wengi wa fani hawakumfuata haraka. Mmoja wao alikuwa Frederick Treves wa London, aliyependelea kuacha shambulio lipoe kwanza. Mwaka 1900 binti yake mwenyewe alifariki kwa kidole tumbo kilichotoboka. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Juni 1902, Treves huyohuyo alimpasua Mfalme Edward VII siku mbili kabla ya kutawazwa, akatoa usaha wa jipu; sherehe ikasogezwa hadi 9 Agosti. Madaktari wa enzi hiyo walikuwa wakiligusa tumbo na kukisia. Sisi tunamwonyesha mgonjwa kidole tumbo chake kwenye skrini, tunampimia milimita, halafu tunamwacha aende zake.

Kwetu uchelewaji una njia zake unazozipenda. Kipimo cha damu kinasoma homa ya matumbo, mtu anaanzishiwa dawa za wiki mbili. Mkojo unaonekana na chembe chache za usaha, anaambiwa ni njia ya mkojo. Kumbe kidole tumbo kilichovimba kikiulalia mrija wa mkojo au kibofu huweza kuleta chembe hizohizo. Mwanamke anaambiwa ni tumbo la hedhi. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza panapouma anapewa dawa ya minyoo, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio ambao mara nyingi hufika wakiwa wameshatobokwa. Wengine hupigwa enema au kunyweshwa dawa ya kuharisha ili "tumbo lifunguke", jambo la hatari kwa kidole tumbo kilichojaa.

Ninachodai hakihitaji mashine mpya. Anayepima altrasaundi amuulize mgonjwa maumivu yalianza saa ngapi, na aliandike jibu juu ya ripoti pamoja na saa ya kipimo. Akiona kidole tumbo kisichobonyea chenye majimaji, asingoje mgonjwa ajipeleke: ampigie simu daktari wa upasuaji au tabibu wa zamu wa hospitali iliyo karibu, na ampe mgonjwa jina la anayemngojea. Vituo vinavyokwepa wajibu huo kwa kisingizio kwamba kazi yao ni picha tu, naona vinajidanganya, maana vimeshapokea pesa ya jibu na jibu hilo ni la dharura.

Mgonjwa naye, akitoka hapo, asile wala asinywe kitu mpaka daktari aseme, kwa sababu kwa usingizi wa upasuaji chakula kigumu kinataka saa 6 na maji saa 2. Asikubali kuteseka kwa kuogopa kwamba sindano ya maumivu itamficha daktari dalili. Tafiti zimeonyesha kuwa dawa ya maumivu ikitolewa hospitalini haiharibu uchunguzi. Hospitali ikiwa mbali au haina mpasuaji usiku huo, kituo kilichompokea kinaweza kuanza dripu na antibayotiki za mshipani kabla ya gari la wagonjwa kuondoka, na kuandika kwenye barua ya rufaa saa ya dozi ya kwanza. Akifika, swali la kumuuliza daktari ni moja: upasuaji ni saa ngapi, na kama si leo, nani atalipapasa tumbo langu tena, na baada ya saa ngapi?